Barua ya kuomba udhamini wa mashindano ya mpira ya mtaa: maswali ninayoulizwa na wenzangu wenye maduka ya michezo

Nina duka la vifaa vya michezo hapa Chake Chake, na kila kipupwe kikiingia huwa nasaidiana na vijana wa shehia yetu kuandaa mashindano ya timu nane. Barua za kuomba udhamini kwa wafanyabiashara naziandika mimi. Wenzangu wa Wete, Mkoani na hata wa Unguja wamekuwa wakinipigia simu kuniuliza hili na lile, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na barua yenyewe, ili anayetaka aichukue na abadilishe anachohitaji.

Kwa nini mwenye duka la michezo akiomba udhamini watu humtilia shaka?

Kwa sababu anauza vitu vile vile anavyoviombea pesa. Mwaka wangu wa kwanza niliandika barua nzuri, ukurasa mmoja na nusu, nikaomba wafanyabiashara wachangie jezi, mipira na nyavu. Nikampelekea mzee mmoja mwenye duka la jumla, mtu aliyenijua tangu mdogo. Aliisoma yote, akavua miwani, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, barua nimeifahamu. Lakini hizi jezi si utazitoa dukani kwako? Basi mimi nachangia mpira au nanunua kwako?"

Sikuwa na jibu. Nia yangu ilikuwa safi, lakini hakuna mstari hata mmoja katika barua ile uliomwonesha hivyo. Pesa zilikuwa zitoke mfukoni mwake, zipitie kwa "kamati" asiyoijua, ziishie kwenye droo yangu. Alinipa shilingi elfu kumi kama sadaka, na wengine wakafanya vivyo hivyo. Mwaka ule tulicheza na jezi za kuazima.

Mengi yaliyomo humu chini yametokana na swali la yule mzee. Barua ya mwenye duka la michezo ni lazima ilijibu swali hilo kabla halijaulizwa.

Sasa linajibiwaje ndani ya barua?

Mimi nalijibu kwa mambo matatu, na yote yanaandikwa waziwazi.

Kwanza, duka langu linatoa kabla ya kuomba, na kiasi chake kinatajwa kwa shilingi. Si "duka litachangia vifaa", kwa sababu neno hilo halina uzito. Naandika: duka limetoa mipira minne, jozi moja ya nyavu na seti moja ya jezi, jumla shilingi 502,000.

Pili, jezi zinazobaki nazitoa kwa bei niliyonunulia pamoja na nauli ya boti, bila faida, na nakala ya risiti ya muuzaji wa jumla inaambatishwa. Jezi ambayo dukani nauza 15,000 inaingia kwenye bajeti kwa 12,000. Ile faida ya 3,000 niliyoiacha siihesabu kuwa ni mchango wangu. Nimeona wenzangu wakifanya hivyo, na mfanyabiashara mzoefu huigundua mara moja, maana yeye mwenyewe anajua hesabu ya kuacha faida ni rahisi kuivimbisha. Mchango ni kile kilichotoka, na kile ambacho hakikuingia hakihesabiki.

Tatu, na hili ndilo lililoniletea heshima zaidi, kamati inachukua bei kutoka duka jengine la michezo na kuiweka pembeni ya bei yangu. Kama jengine lina bei nafuu kwa kitu cha ubora ule ule, kamati inanunua kule. Imeshatokea: mwaka jana njumu za kipa na glavu zilinunuliwa kwa mwenzangu, na barua ya mrejesho ikasema hivyo. Aliyesoma mrejesho ule hakuniuliza tena swali la yule mzee.

Pesa zipokelewe na nani?

Zisipokelewe na mwenye duka. Hata kama unaaminika mtaa mzima, usizishike. Kwetu zinashikwa na mweka hazina wa kamati, ambaye ni mwalimu wa skuli, na hakuna shilingi inayotoka bila sahihi yake na ya katibu. Kila anayetoa anapata stakabadhi kutoka kitabu chenye namba, kile cha nakala ya kaboni, na nakala inabaki kitabuni.

Wanaotaka kulipa kwa simu wanapewa namba ya mweka hazina, na jina litakalotokea kwenye simu linaandikwa ndani ya barua. Hili dogo lina maana kubwa. Mtu akianza kutuma akaona jina ambalo halimo kwenye barua, anaacha, na hatakwambia kwa nini.

Je, nimwombe kila mtu kiasi kile kile?

Hapana, na hapa ndipo barua nyingi zinapoharibika. Barua moja inatolewa kopi hamsini, inasema "tunaomba mchango wako wa hali na mali", kisha inasambazwa kama tangazo. Mwenye duka hapa kwetu anapokea maombi karibu kila siku: msikiti, madrasa, maulidi, harusi, msiba. Barua ya jumla inaingia kwenye fungu hilo, na anatoa kile anachotoa kwa kila mtu.

Mimi nagawa bajeti vipande, kisha kila kipande nakitafutia mtu wake. Bajeti yetu ya mwisho ilikuwa shilingi 4,700,000 kwa timu nane na mechi 16. Jezi ni seti nane, kila moja ina jezi 16, na seti moja pamoja na kupiga chapa jina la mdhamini ni 232,000. Waamuzi ni 40,000 kwa mechi, wa kati na washika vibendera wawili, kwa hiyo 640,000 kwa mashindano mazima. Zawadi ni 1,400,000. Iliyobaki inakwenda kwenye mipira, nyavu, chokaa, huduma ya kwanza, spika za siku tatu za mwisho, na akiba ya dharura, khasa gari ya kumpeleka aliyeumia hospitali.

Ukitoa 502,000 za dukani kwangu, na 400,000 za kiingilio cha timu (50,000 kila timu), inabaki 3,798,000 ya kutafutwa. Ukimwonesha mtu mmoja tarakimu hiyo unamtisha. Ukiivunja inasomeka vizuri: seti saba za jezi kwa watu saba, zawadi kwa mtu mmoja au watatu, na vipande vidogo vidogo vinavyobaki.

Vile vidogo ndivyo vyenye raha. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi namwomba chokaa ya kuchorea uwanja, naye anaipima dukani mwake bila hata kutoa pesa. Mwenye duka la dawa namwomba huduma ya kwanza. Anayekodisha spika za harusi namwomba spika. Mwenye kiwanda kidogo cha barafu namwomba barafu. Kila mmoja anaombwa kitu ambacho kwake ni cha bei ya jumla, na watu wanakiona kikitumika uwanjani kikiwa na jina lake.

Tuoneshe barua yenyewe.

Hii ni ya mwenye duka la dawa. Nimeacha nafasi za majina.

Duka la Vifaa vya Michezo ........
S.L.P. ........, Chake Chake, Pemba
Simu: ........
Tarehe: ........

Bi. ........
Mmiliki, Duka la Dawa ........
Chake Chake

Assalaam alaykum,

YAH: KUOMBA UDHAMINI WA HUDUMA YA KWANZA, MASHINDANO YA MPIRA WA MIGUU YA SHEHIA YA ........

Shehia yetu itakuwa na mashindano ya timu nane za vijana, kuanzia tarehe ........ hadi ........, katika kiwanja cha ........ . Zitachezwa mechi 16, moja kwa siku, kuanzia saa kumi na robo jioni na kumalizika kabla ya Magharibi.

Mimi ni mwenye duka la vifaa vya michezo na ni mjumbe wa kamati. Kwa kuwa nauza vifaa vinavyotumika katika mashindano haya, napenda ujue yafuatayo tangu mwanzo. Duka langu limetoa mipira minne, nyavu na seti moja ya jezi, jumla shilingi 502,000. Jezi nyengine nazitoa kwa bei ya kununulia bila faida, na bei ya duka jengine imeambatishwa ili uilinganishe. Sipokei pesa za mdhamini yeyote.

Tunakuomba udhamini huduma ya kwanza kwa mechi zote 16. Mahitaji yake ni bandeji, pamba, plasta, dawa ya kusafishia vidonda, na posho ya mhudumu mmoja. Gharama yake ni shilingi 110,000. Unaweza kutoa vifaa kutoka dukani kwako, pesa taslimu, au baadhi ya hivi na baadhi ya hivi.

Kwa upande wetu, bango lenye jina la duka lako litawekwa kwenye meza ya huduma ya kwanza katika mechi zote. Jina litatangazwa wakati wa mapumziko siku za nusu fainali na fainali. Ndani ya wiki mbili baada ya fainali utapokea barua ya mrejesho yenye hesabu na picha.

Pesa zinapokelewa na mweka hazina wa kamati, Mwalimu ........, simu ........, na utapewa stakabadhi. Tunaomba jibu lako kabla ya tarehe ........ . Nitafika mwenyewe dukani kwako tarehe ........ baada ya Alasiri kulisikiliza.

Wako,
........ (mwenye duka na mjumbe wa kamati)
........ (mwenyekiti wa kamati)

Nimeiona: ........ Sheha wa Shehia ya ........ (sahihi na muhuri)

Viambatisho: bajeti (ukurasa mmoja), nakala ya risiti ya jezi, bei ya duka jengine.

Mbona aya ya "nauza vifaa" umeiweka juu, kabla ya ombi?

Kwa sababu msomaji amekwishaona kichwa cha barua. Jina la duka limo pale juu kabisa. Wasiwasi wake umeanza kabla hajafika kwenye "Assalaam alaykum". Ukichelewesha maelezo hadi mwisho, ombi lote atalisoma akiwa na wasiwasi huo. Niliwahi kuiweka chini, na watu wawili waliniuliza jambo ambalo lilikuwa limeshaandikwa, kwa sababu hawakufika huko.

Kuna wanaoniambia niandike kwa karatasi ya kamati, jina la duka lisionekane. Sikubaliani nao. Chake ni ndogo. Watajua tu jezi zimetoka wapi, na ukificha jina ndipo wataona kuna jambo.

Sahihi ya sheha ni ya lazima?

Kwangu ni ya lazima. Mfanyabiashara anapoona muhuri wa sheha anajua mashindano yapo, tarehe zipo, na kuna mtu wa kumuuliza likitokea lolote. Usimpelekee sheha barua zote kumi na tano kwa mkupuo zikiwa tayari. Mpelekee kwanza bajeti na ratiba, mkae mzungumze, kisha ndio upeleke barua za kutiwa muhuri. Chama cha mpira cha wilaya nacho kiarifiwe kwa barua yake mapema, maana waamuzi tunawaomba huko, na mdhamini wa zawadi kubwa mara nyingi atauliza nani anachezesha.

Ni wakati gani mzuri wa kupeleka barua?

Swali hili lina mambo mawili, mwezi na saa.

Mwezi: usipeleke Shaaban wala Ramadhani. Shaaban mwenye duka anaingiza mtaji wote kwenye sukari, unga, tende na nguo za sikukuu. Pesa yake iko kwenye magunia, na anayekwambia hana anasema kweli. Masika, Machi hadi Mei, kiwanja kina maji na hakuna anayefikiria mpira. Sisi tunacheza kipupwe, wakati wa kusi, na barua zinatoka wiki sita kabla ya mechi ya kwanza. Wiki mbili za kusubiri majibu, wiki tatu za jezi kuagizwa, kupigwa chapa na kuvuka kwa boti, na wiki moja ya kurekebisha makosa.

Hapa Pemba kuna karafuu pia. Msimu ukiwa mzuri mji unapata pesa na wafanyabiashara wanatoa kwa moyo mkunjufu, lakini vijana wako mashambani wanachuma, na jioni wako kwenye majamvi wanachambua na kuanika. Mwaka mmoja timu ilikuja na wachezaji wanane. Tangu hapo naulizia kwanza hali ya mikarafuu kwa watu wa mashamba kabla ya kupanga tarehe. Dalili zikiwa za mavuno makubwa, tunatangulia au tunasubiri uchumaji upungue.

Saa: usiende asubuhi mwenye duka hajauza hata kitu cha mia tano. Kumwomba mtu kabla hajafungua mauzo ni kumtia mkosi, hata kama yeye haamini hivyo hatafurahi. Usiende mchana anapofunga kwenda kula na kupumzika. Usiende Ijumaa kabla ya sala. Baada ya Alasiri anakuwa ametulia, mara nyingi yuko barazani na wenzake wawili watatu, na akikubali mbele yao ahadi ile ina mashahidi.

Niipeleke kwa mkono au kwa simu?

Kwa mkono, kwenye bahasha, imeandikwa jina lake. Anayeipeleka awe wewe, si kijana wa timu. Salimia, uliza hali ya nyumbani, mpe bahasha kwa mkono wa kulia, mwambie kwa maneno mawili ni ya nini, kisha uondoke. Usikae umkodolee macho akisoma. Barua imeshamwambia siku utakayorudi.

Nimwahidi mdhamini nini? Anauliza watu wangapi wataona jina lake.

Ahidi unachoweza kukionesha. Jina kifuani mwa jezi, bango pembeni ya uwanja, tangazo la spika. Usiseme redio wala televisheni kama hujakubaliana nao kwa maandishi.

Kuhusu idadi ya watazamaji, watu husema "maelfu" bila kuhesabu. Mimi nahesabu hivi. Mechi ikiwa katikati ya kipindi cha pili napima hatua kumi kwenye mstari wa pembeni, nahesabu watu waliosimama au kukaa ndani ya hatua zile, na nafanya hivyo sehemu tatu: palipojaa, pa wastani, na palipo wazi. Nachukua wastani. Mechi moja ya kawaida ulikuwa watu 14 kwa hatua kumi. Mstari mmoja wa kiwanja chetu una hatua 100, na pande mbili zilikuwa na watu, kwa hiyo 14 mara 20, watu 280. Nyuma ya magoli nikahesabu 40 mmoja mmoja. Nikaandika "takriban watu 300 kwa mechi ya kawaida". Mwenye duka aliyedhamini seti ya tatu ya jezi aliniambia ameniamini kwa sababu nilimpa namba ndogo kuliko aliyoitarajia.

Kwa nini mechi moja tu kwa siku? Mdhamini mmoja anataka tumalize haraka.

Mwambie jua halitaki. Baina ya Alasiri na Magharibi kipupwe kuna muda mdogo. Tukianza saa kumi na robo, vipindi viwili vya dakika 40 na mapumziko ya dakika kumi vinatufikisha saa kumi na mbili kasorobo. Zinabaki kama dakika 30 kabla ya adhana, nazo ndizo za penalti, za mchezaji aliyeumia, na za mpira ulioangukia shambani kwa watu. Ukibana mechi mbili, ya pili itaisha gizani au itakatishwa na sala, na jina lililo kwenye bango halisomeki. Tunacheza siku nne kwa wiki, kwa hiyo mechi 16 ni wiki nne.

Mdhamini amekubali kwa mdomo. Nipige chapa jina lake kwenye jezi?

Usipige. Niliwahi kupiga jina la duka moja kwenye jezi 16 kwa sababu mwenyewe alinipa mkono na kusema "andika tu". Wiki iliyofuata biashara yake ikayumba, akanijia kwa masikitiko kuniambia hawezi. Sikuweza kumlaumu. Lakini seti ile ilikuwa na jina la mtu asiyelipa, na hakuna mdhamini mwengine atakayekubali kuvaliwa juu ya jina la mwenziwe. Nikabeba hasara yangu.

Sasa kuna karatasi ndogo inayofuata barua. Inasema kiasi, tarehe ya kulipa, na jina jinsi litakavyoandikwa, herufi kwa herufi, kwa rangi na ukubwa wake. Anasaini chini ya mchoro wa jina. Kupiga chapa kunaanza baada ya nusu ya pesa kuingia kwa mweka hazina. Karatasi ile imeokoa na jambo jengine: watu huandika majina ya maduka yao kwa namna zao, na mwenye duka akiona herufi moja imekosewa kifuani mwa vijana 16, kila jioni ni maumivu kwake.

Wawili wa biashara moja wanataka kudhamini. Nifanyeje?

Nenda kwa wa kwanza aliyejibu, umuulize kama anaridhia mwenziwe aingie kwa kipande kingine. Wengi hukubali ikiwa hawachezi kwenye kipande kimoja, mmoja jezi na mwengine zawadi. Asiporidhia, heshimu, na mwambie wa pili ukweli kwamba nafasi imechukuliwa.

Kampuni ya kamari au mtu wa siasa akitaka kutoa pesa nyingi?

Kamari tunakataa, hata kama wanalipia mashindano yote. Wazazi watawazuia watoto wao wasivae jezi hizo, na wadhamini wengine wataondoa majina yao. Nimeongea na watatu kati yao na wote walisema neno hilo hilo.

Mwanasiasa ni kazi zaidi, kwa sababu mara nyingi ni ndugu au jirani. Tunamwambia atoe kwa jina la biashara yake kama anayo, kwa kiasi cha kipande kimoja kama wengine, na asizungumze kwenye spika. Na sisi wauza jezi tuna wajibu wa ziada hapa, tusipange rangi ambazo uwanja mzima utazisoma kama bendera za vyama. Mwaka mmoja nilikuwa na seti mbili za bei nzuri sana dukani, na fainali ingeweza kuzikutanisha. Nilizirudisha ghalani nikaagiza nyengine.

Siku ya kurudi nimeambiwa "rudi kesho". Nirudi mara ngapi?

Mara mbili. Ukirudi mara ya tatu unamdai, na hukumkopesha. Mara ya pili mwambie kwa uungwana kwamba kipande chake utampa mwengine tarehe fulani, na kwamba mwakani utamletea barua tena. Wawili kati ya wadhamini wangu wa sasa walianza kwa "rudi kesho" zisizokwisha.

Barua ya mrejesho iandikwe vipi?

Ukurasa mmoja, iwe na kila kipande: kilichokisiwa, kilichotumika, na tofauti. Ibandike picha ya bango lake au jezi yake, si picha ya fainali tu. Taja makosa. Mwaka jana tuliharibu mpira mmoja kwa kuujaza upepo kupita kiasi ukapasuka mshono kwenye mechi ya nne, na nyavu za goli moja ziling'olewa. Vyote viliandikwa, pamoja na gharama ya kuvitengeneza. Zilibaki shilingi 63,000 kwenye akiba ya dharura, na mrejesho ukasema ziko kwa mweka hazina kwa ajili ya nyavu za mwaka unaofuata.

Nakala ya mrejesho nilimpelekea na yule mzee wa duka la jumla, ingawa mwaka ule hakuwa mdhamini. Aliiweka chini ya kioo cha meza yake, pale anapoweka risiti za mizigo. Msimu uliofuata alichukua seti mbili za jezi, na pesa alimpelekea mweka hazina mwenyewe, kwa miguu, kabla sijampelekea barua.